Mashine Iliyoniogopa

"Mashini yako inakuogopa, fundi," aliniambia Mama Titulaire Alhamisi ile, na wauguzi wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. "Ukifika, inatulia sawa mutoto wa shule mbele ya mwalimu. Ukitoka tu, inaanza fujo."

Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya wakubwa wakimtania, lakini tangu Jumatatu sikuwa nimelala vizuri.

Mama Titulaire ndiye muuguzi mkuu wa kituo chetu cha uzazi, nyumba ya matofali yenye vyumba sita pembeni ya mtaa wa Hewa Bora. Kila mtu anamwita hivyo, kwa cheo chake, hata daktari. Mashine aliyoisema ni ya oksijeni. Ina ukubwa wa sanduku la nguo, ina magurudumu manne, na ndani yake mna kompresa inayovuta hewa ya chumba na kuisukuma kwenye mitungi miwili yenye punje nyeupe. Punje zile huinasa naitrojeni, na kinachobaki, ambacho karibu chote ni oksijeni, hutoka kwa mpira mwembamba hadi puani mwa mgonjwa. Haihitaji chupa ya gesi. Inataka mambo mawili tu: umeme usiokatika, na hewa ya kuvuta.

Mwisho wa mpira kulikuwa na mtoto wa kike aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Hakufika kilo moja na nusu. Mapafu yake yalikuwa bado hayajajua kazi. Alikuwa amelazwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, wamefungwa pamoja kwa kitenge ili asipate baridi, na puani mwake ulipita ule mpira. Alikuwa na siku tisa duniani.

Kwa siku tatu mfululizo mashine ilikuwa imezima yenyewe, kila mara kati ya saa saba na saa nane mchana. Ilipiga kelele, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Wauguzi walikimbiza chupa ya oksijeni ya akiba, wakamhamishia mtoto huko, na kwa sababu walishaiogopa mashine hawakuiwasha tena mpaka jioni. Jioni ikiwashwa, ilifanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi wa mashine ile ni mimi.

Niseme ukweli wote. Sikusomea kazi hii. Nilianza kwa kufungua redio ya mama yangu iliyokufa, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na nilipoifunga ikaimba. Baada ya redio zilikuja friji za majirani, kisha vitabu vya mafundi nilivyopakua kwenye simu, vya Kifaransa na vya Kiingereza, nikisoma ukurasa mmoja kwa usiku mmoja nikiwa na kamusi. Mashine ile ililetwa na kanisa moja, imetumika, imekufa. Niliifufua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, msichana mwenye bisibisi, na wazee wa kanisa walinipigia makofi. Tangu siku hiyo naishi kama mtu aliyeazima heshima na anangoja mwenyewe aje kuichukua.

Mtu asiye na diploma hujilinda kwa ukamilifu. Mimi hukagua plagi mara tatu. Nina daftari ambalo kila ukurasa una mistari niliyoichora kwa rula. Sijawahi kufika mahali pa kazi bila kupiga simu kwanza: "Mama, nitafika saa tano na nusu, tafadhali mniandalie chumba." Naona ni adabu. Na siku nilipoiweka mashine wodini, nilibandika ukutani juu yake karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa, nikaifunika plastiki ili isichafuke: VUMBI NI ADUI WA MASHINE HII. ILINDENI. Niliipenda karatasi ile. Niliitazama mara nyingi kuliko mashine.

Alhamisi nilikaa na mashine kuanzia saa sita hadi saa kumi. Nilikuwa na kipima umeme, nikiandika volti kila dakika kumi. Umeme wa mtaa ulipanda na kushuka kama kawaida yake, lakini stabilizeta niliyoiweka kati ya ukuta na mashine iliutuliza. Nilikiosha kichujio cha hewa. Nilipitisha kidole kwenye ubao wa dirisha, kikatoka chekundu, maana ilikuwa mwisho wa kiangazi na kila mchana upepo hutupa barabara ndani ya nyumba. Nilipitisha kidole juu ya stuli, chekundu. Nilipitisha juu ya mashine, kikatoka safi. Niliandika kwenye daftari: *Mashine: safi. Vizuri.* Na nikajisikia fahari, Mungu anisamehe.

Haikuzima. Ndipo Mama Titulaire aliposema kwamba inaniogopa.

Ijumaa sikwenda, ikazima saa saba na robo.

Jumamosi asubuhi daktari aliita mkutano. Tulikuwa watatu kwenye ofisi yake ndogo, yeye, Mama Titulaire na mimi, na tulikaa tangu saa tatu hadi karibu saa saba. Ili tusisumbuliwe, Mama Titulaire aliwatoa wageni wote wa wodi hadi jioni. Daktari ni mtu mwema ambaye hasira yake huonekana kwenye kalamu tu; huibonyeza ikafunguka, akaibonyeza ikafungika.

"Chupa ya akiba imebakia na lisaa moja, na robo kama tuna bahati," alisema. "Ingine itafika mardi, ile Jumanne. Hôpital kubwa nimeita. Beko na batoto babili babili mu kitanda kimoja. Kumubeba uyu mutoto mu gari, na ile mupepo ya vumbi, na chupa inakwisha mu njia, mi sitaki. Lakini mashini ikizima tena leo ao kesho, lundi, Jumatatu asubuhi, tunamubeba. Sitakuwa na choix, wala njia ingine." Alinigeukia. "Kwa hiyo, fundi. Ni nini?"

Nilisema ni umeme. Alisema stabilizeta ipo. Nilisema basi ni stabilizeta. Alisema niliipima Alhamisi. Nilisema basi ni kompresa, imezeeka, inapata moto, na ndani mna kinga inayoikata ikizidi joto. Hilo lilikuwa kweli. Kinga ipo na ndivyo inavyofanya. Alisema kama kompresa imezeeka, mbona haipati moto asubuhi, wala usiku, wala siku ile niliyokaa nayo? Tukaanza upya kutoka umeme.

Mkutano mrefu una ugonjwa wake. Kila mtu hurudi kwenye jambo alilolisema kwanza, na kila akilirudia linakuwa gumu zaidi, kama bukari, ugali wetu, iliyoachwa wazi. Kufikia saa ya tatu ya mkutano sikuwa nikitafuta sababu tena. Nilikuwa nikitetea sentensi zangu. Tulizungumzia mashine peke yake, skrubu kwa skrubu, waya kwa waya. Hakuna aliyemtaja mtu hata mmoja.

"Naifungua leo," nilisema mwishoni. "Naitoa kompresa nje, naiangalia."

"Leo? Na mutoto yuko yulu yake, anapumua nayo?" aliuliza Mama Titulaire.

"Tunamweka kwenye chupa, nafungua kwa saa moja tu."

"Lisaa moja ya chupa ya lisaa moja." Alinyoosha mkono juu ya meza akashika vidole vyangu. Vilikuwa vinazungusha bisibisi isiyokuwepo, nami nilikuwa sijui. "Angaliya. Ii mikono njo itafungua mashini ya mutoto? Umelala lini, mwanangu?"

"Jana."

"Uongo."

"Nililala kidogo."

"Docta, uyu mutoto hatafungua kintu leo. Enda, ma fille, mwanangu. Enda kwa miguu, usipande gari. Simu uniachie hapa. Kisha ulale. Mi nikizalisha, mwanamuke akichoka kusukuma bure, namuambia apumuzike. Mutoto hatoki kwa sababu tunapiga kelele."

Daktari alibonyeza kalamu. Mashine, kule wodini, ilikuwa ikifanya kazi bila tatizo.

Nilitoka nikiwa na aibu na hofu. Nilijua nilichofukuziwa. Kulala wakati mtoto anahesabiwa saa za hewa! Kama akifa, watasema fundi alikuwa wapi? Alikuwa amelala. Nilishika njia ya kwenda upande wa uwanja wa ndege wa Luano kwa sababu ilikuwa mbele yangu tu.

Nusu saa ya kwanza haikunisaidia kitu. Nilitembea na mkutano mzima kichwani. Nilimjibu daktari majibu ambayo sikuyapata mezani, majibu mazuri sana, na yote yalikuwa ya umeme. Nusura baiskeli ya makaa inigonge, mwenyewe alipiga kelele, "Weye! Unatembea na usingizi?" Mikono yangu ilipapasa mfuko mara kwa mara kutafuta simu isiyokuwepo. Nilikuwa na hakika kwamba inalia kule mezani, kwamba mtoto ameshazimika.

Kisha miguu ilianza kuuma, na sijui ni lini, mkutano ukakoma. Sikuukomesha mimi. Nilianza kuona vitu bila kuvitaka. Mama aliyemwaga maji barabarani mbele ya meza yake ya nyanya ili kutuliza vumbi. Kichuguu kirefu kilichochongwa ubavu mmoja na wafyatua matofali. Nyumba moja ambako walikuwa wakingoja wageni, labda posa: msichana alikuwa ametoa nje vitambaa vya kudarizi vinavyofunika viti na televisheni, anavikung'uta kimoja kimoja, na kutoka dirishani mama yake anamfokea, "Kung'uta mbali, unatuletea mavumbi mu nyumba! Na ile ya télé usiirudishe, banakuja sasa hivi, baone télé!" Msichana alikunja kile kitambaa akakiweka begani. Nikapita. Sikuwaza kitu chochote. Ndege ilipanda nyuma ya miti, nikaiangalia mpaka ikawa nukta.

Nilirudi nyumbani jua likiwa bado lipo. Mama yangu alinipa chakula, sikukimaliza. Nililala na nguo. Nilikuwa nimejiambia nitapumzika kidogo kisha nisome tena kitabu cha kompresa, lakini usingizi ulinizamisha, na sikuota ndoto yoyote ninayoikumbuka.

Niliamka alfajiri, jogoo wa jirani anaanza. Sikuamka na jibu. Watu wakisimulia mambo haya husema jibu lilikuja kama taa. Kwangu lilikuja swali, tena dogo la kijinga, lililokaa kifuani kama tonge baya: kwa nini juu ya mashine hapakuwa na vumbi?

Nililala chali bila kusogea, naogopa kulitisha likimbie. Dirisha jekundu. Stuli nyekundu. Mashine iko kati ya dirisha na stuli. Vumbi halichagui. Kama juu yake ni safi, ama kuna anayeifuta kila saa, ama kuna kitu kilichokuwa juu yake wakati vumbi linaingia. Na nikamwona yule msichana wa jana, kitambaa begani. Usiirudishe, banakuja sasa hivi.

Kitu kinafunikwa. Wageni wakija, kinafunuliwa.

Mgeni ni mimi. Mimi ninayepiga simu kwanza.

Usingizi haukunipa kitu nisichokuwa nacho. Kidole kisicho na vumbi kilikuwa kwenye daftari langu tangu Alhamisi, kwa mwandiko wangu mzuri. Lakini mezani nilikikalia. Nilikuwa nimekiandika chini ya neno *vizuri*, na mtu hachunguzi kilicho kizuri. Ilibidi niache kushika kila kitu kwa nguvu ndipo vitu viwili visivyojuana, mashine na kitambaa cha televisheni, vikutane bila ruhusa yangu.

Furaha haikunijia. Nilikaa kitandani na hofu ikabadilika sura tu. Kwanza, huenda nimekosea. Wazo la alfajiri linaweza kuwa takataka kama wazo lingine lolote. Pili, na hili lilikuwa baya zaidi, nilikumbuka karatasi. ILINDENI. Niliposema mlinde na vumbi nilimaanisha osheni kichujio kila wiki. Lakini sikuandika kichujio. Niliandika ilindeni. Katika mji huu, mtu akikuambia linda kitu na vumbi, unafanya nini? Unakifunika.

Sikuwa na simu ya kupiga, na hata ningekuwa nayo nisingepiga. Kama ningesema "mmefunika mashine?" wangeitikia "hapana, fundi," na wangeifunua wakiwa wanasema. Nilitaka nione. Na moto huchukua muda. Nilijua nisingeona kitu kabla ya saa sita, upepo ukishaanza. Kwa hiyo niliingoja saa sita ya Jumapili, na saa zile ni miongoni mwa zile ambazo sitaki kuzirudia. Je, kama leo wamefunika mapema? Je, kama nikichelewa kwa kutaka kuwa na hakika? Kwa nini nisiende sasa tu, nikaondoa kila kitambaa wodini? Saa nne sikuweza tena kuvumilia. Nilivaa viatu.

Nilifika nikaketi nje ya ukuta kwenye jiwe, kama mwizi. Nyimbo za kanisa zilitoka pande tatu. Upepo ulianza ukiwa bado mdogo, ukainua plastiki moja, ukaiweka. Nilingoja hadi saa sita na nusu. Kisha nikaingia bila kupiga hodi, mimi ambaye hupiga hodi hata kwetu.

Wodini mama wa mtoto alikuwa amesinzia, mtoto kifuani. Pembeni yake aliketi kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, mama aliyemzaa mama wa mtoto, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amekuja na chakula, na sahani ya bukari ilikuwa kwenye stuli. Na mashine haikuonekana. Pale ilipokuwa palikuwa na kitambaa cha meza, kikubwa, kizito, cha kudarizi maua mekundu na majani, kilichoshonewa bitana ya bulangeti, kimeshuka pande zote hadi kwenye magurudumu. Kimenyooshwa vizuri. Hakikuwa na mkunjo hata mmoja.

Niliweka kiganja juu yake. Ilikuwa kama kushika sufuria.

"Ee, fundi! Karibu," kambo alisema, akainuka haraka na kunyoosha mkono kuondoa kitambaa. "Samahani, hawakutuambia kama unakuja."

Kabla sijajibu, mashine ililia. Kelele ile ilipiga ukuta, mama akashtuka, taa nyekundu ikang'aa kupitia maua. Kisha kompresa ikanyamaza.

Nilivuta kitambaa kikaanguka. Muuguzi wa zamu aliingia akisukuma chupa, Mama Titulaire nyuma yake. Walihamisha mpira. Sikuangalia mtoto, sikuweza. Niliangalia mshale wa chupa, uliokuwa umelala karibu na nyekundu.

"Wewe umefika lini?" Mama Titulaire aliniuliza.

"Usizime umeme, mama. Iacheni ipoe. Fungueni mlango. Ni nusu saa."

"Docta alisema ikizima..."

"Najua alichosema. Nipe nusu saa."

Alinitazama. Kisha akatoa kibao cha faili kitandani, akaanza kuipepea mashine kama anavyopepewa mzee.

Nusu saa ile niliihesabu kwa mshale. Kambo alikuwa amesimama kitambaa kikiwa mkononi. Alikuwa mtu mwenye akili. Macho yake yalitoka kwenye mashine, yakaenda kwenye kitambaa, yakarudi. Aliona nilipoweka mkono kwenye matundu ya nyuma, yale ambayo kitambaa kilikuwa kimeyaziba. Hakuna aliyemweleza.

"Njo mimi? Ni mimi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Nilitoa mkono kwenye matundu.

"Minasoma pale," alisema, na akaonyesha karatasi yangu. "Minasomaka kila siku. Vumbi ni adui. Ilindeni. Banesi, bale bauguzi, banaona kitambaa, hawakatazi; beko na kazi mingi, minasema acha mimi nilinde. Ii kitambaa nilishona mwenyewe, ya ndoa ya mutoto yangu. Nikisikia fundi anakuja, natoa, ili uone mashini muzuri." Alikikusanya kitambaa kifuani. "Siku zote izi njo mimi nafunga mutoto pumzi?"

Nilijua naweza kunyamaza. Hilo ndilo ninaloandika kulikiri. Mwanamke mzee alikuwa amelibeba kosa mwenyewe, bila kusukumwa, na kwa sekunde kadhaa nililiacha kwake. Daktari angesikia kwamba mgeni alifunika mashine, wangetikisa vichwa, na mimi ningebaki fundi hodari aliyegundua. Sekunde zile zilikuwa na utulivu ambao sijawahi kuupata kwa ukamilifu wangu wote.

Kisha nikapanda kwenye stuli, nikahamisha sahani ya bukari, nikabandua karatasi. Plastiki ilichukua na rangi ya ukuta.

"Si wewe, kambo. Ni mimi. Nilitaka kusema muoshe hiki," nikachomoa kichujio nikamwonyesha, kipande cha sponji kisichozidi kiganja, "na nikaandika mulinde. Ulifanya kile nilichoandika. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

"Uliandika muzuri," alisema. "Ile herufi iko muzuri sana." Na akalia.

Mama Titulaire aliendelea kupepea. "Sasa munalia babili, nani ataangalia saa?" alisema. "Kambo, ikala. Fundi, shuka pale utavunjika mguu, na hatuna kitanda."

Dakika ya thelathini na mbili niliibonyeza. Ilinguruma. Taa ya njano ilikaa, kama inavyokaa mwanzoni mpaka oksijeni ifikie kiwango chake, na dakika zile tano sikupumua vizuri mimi wala mtu yeyote chumbani. Ikageuka kijani. Wakamrudisha mtoto. Kidude kinachopima oksijeni ya damu, kilichofungwa mguuni mwake, kilionyesha tisini na moja, tisini, tisini na mbili. Kwenye chupa palibaki kitu ambacho Mama Titulaire alisema asingekitumia hata kupulizia moto.

Daktari alipofika jioni nilimweleza mwenyewe, karatasi ikiwa mkononi. Nilimwambia pia kwamba sina uhakika bado. Kuzima mara moja chini ya kitambaa si ushahidi wa kutosha. Ushahidi ni kutozima bila kitambaa, saa ile ile, upepo ule ule, bila mimi kusimama pale. Alibonyeza kalamu yake mara nyingi sana. Chupa haikuwa na kitu tena, kwa hiyo kama nimekosea hapangekuwa na hata njia ya kumbeba mtoto. Aliniuliza nina hakika kiasi gani. Nilisema nusu zaidi ya jana. Akasema, "Wewe unaongea sawa mashini," lakini akaandika kwenye faili: hakuna gari kesho.

Jumatatu sikwenda wodini. Ilikuwa lazima nisiende. Kama ningekuwepo nisingejua kitu. Nilikaa nyumbani, simu niliyorudishiwa jana mezani mbele yangu, mikono chini ya mapaja. Mama Titulaire alikuwa ameahidi kupiga saa nane na nusu, si kabla, isipokuwa kwa neno moja baya. Saa saba upepo ulipiga mabati yetu. Saa saba na robo. Saa saba na nusu mama yangu aliniuliza kama nataka chai, na nikamjibu vibaya. Saa nane. Nilijiona nikitembea wodini, nikiwa nimebeba kijitoto kilichovikwa kitenge, na mlango wa gari, na barabara.

Simu ililia saa nane na dakika kumi na nane.

Ilikuwa mapema. Mapema maana yake ni neno baya. Niliitazama ikitetemeka juu ya meza, jina la Mama Titulaire likiwaka, mpaka ikakata. Sikuweza. Ikalia tena.

"Allô," nilisema.

"Fundi?" Haikuwa sauti ya Mama Titulaire. Ilikuwa sauti nyembamba, ya karibu sana, ya mtu asiyezoea simu na anayeishika mdomoni. "Ni kambo. Mama Titulaire anazalisha, ameniazima simu. Ameniambia ningoje dakika ingine kumi na mbili, minashindwa." Nyuma yake nilisikia mngurumo ule, sawa, haukatiki. "Sikiliza. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Ile kitambaa nimekifunga mu dirisha. Vumbi haliingii tena. Docta amesema ni muzuri. Fundi?"

"Ndiyo, kambo."

"Unalia tena?"

Nilisema hapana.

"Basi mi nirudishe simu," alisema, "mutoto anataka kunyonya," na hakujua jinsi ya kukata, kwa hiyo nilibaki nikisikiliza mashine ikifanya kazi bila mimi, hadi kredi ya simu ya Mama Titulaire ilipokwisha.